Ombi la kukaguliwa upya kwa alama za Kiswahili, Karatasi ya Pili

Riziki Mwero,
Mtaa wa Umoja,
Nairobi.

26 Agosti 2025

Kwa Mwalimu Mkuu,

Mwalimu,

MINT: ALAMA ZA NEEMA, KIDATO CHA TATU KASKAZINI, MTIHANI WA MWISHO WA MUHULA WA PILI

Mimi ni mama yake Neema. Nimekuandikia kukuomba uagize karatasi yake ya Kiswahili, ile ya Lugha, ikaguliwe upya na mwalimu mwingine wa idara, kisha ripoti yake irekebishwe ikiwa itaonekana inastahili kurekebishwa. Kwenye karatasi hiyo alipewa 52 kati ya 80. Nimeipitia mara nyingi nyumbani, na naamini kuna alama nne ambazo mwalimu mwenyewe alimpa lakini hazikuhesabiwa, na nyingine nne zinazohitaji jicho la pili.

Niseme kwanza kwamba sikuanzia kwako. Neema alirudi na karatasi hiyo tarehe 29 Julai, na Alhamisi tarehe 31 nilifunga kibanda changu mapema nikaja kumwona mwalimu wake wa Kiswahili. Alinipokea vizuri, akaniketisha, akanisikiliza. Kuhusu hesabu aliniambia ataangalia. Kuhusu majibu yenyewe alisema, "Mama Neema, mimi husahihisha kwa mwongozo. Nikianza kukubali nje ya mwongozo, darasa zima litanijia." Nilimwelewa. Kesho yake shule zikafungwa, ripoti ikaja na alama zilezile, na ndiyo sababu barua hii inafika mezani kwako. Simshtaki mwalimu kwa lolote. Rundo la karatasi nililoliona juu ya meza yake siku ile lingemchosha yeyote.

Nianze na hesabu, kwa kuwa hiyo haihitaji mtaalamu wa lugha. Sehemu ya Matumizi ya Lugha imeenea kurasa nne, kuanzia ukurasa wa 5 hadi wa 8. Pembeni mwa kila ukurasa mwalimu ameandika jumla kwa wino mwekundu na kuizungushia duara: 9, 8, 4 na 9. Hizo ni 30. Kwenye jalada la mbele sehemu hiyo imeandikwa 26. Ile 4 ya ukurasa wa 7 ndiyo iliyoachwa. Ukurasa huo una maandishi machache, nusu yake ni tupu, na ni rahisi mtu kuuruka anapofunua haraka. Kwa hili peke yake Neema ana 56, wala halina ubishi.

La pili ni muhtasari. Swali la (a) lilitaka maneno 40, na la (b) lilitaka maneno 60. Katika jibu la (b), mwalimu amepiga mstari mwekundu wa wima katikati ya sentensi na kuandika "maneno yamezidi", kisha hakusahihisha chochote baada ya mstari huo. Nilihesabu maneno ya jibu hilo kwa ncha ya kalamu, moja moja, mara tatu, na mara ya nne nikampa jirani yangu ahesabu bila kumwambia nilichopata. Jibu zima lina maneno 58. Mstari umepigwa baada ya neno la 40. Nadhani mwalimu alikuwa bado na kipimo cha swali la (a) akilini alipofika (b). Baada ya mstari kuna hoja mbili, na zote mbili zimo katika kifungu. Naomba zisomwe na kutuzwa kama zinavyostahili.

Sasa nifike kwenye neno lililonitoa machozi.

Swali liliwataka watunge sentensi mbili kudhihirisha maana mbili tofauti za neno "kata", alama 2. Neema aliandika: "Fundi alikata kitambaa kwa makasi." Hiyo ilipata tiki. Ya pili aliandika: "Bibi alichota maji mtungini kwa kata." Hiyo ikapigwa mkasi mwekundu, na pembeni pameandikwa "kata = eneo la utawala".

Mwalimu Mkuu, mimi ni fundi wa nguo katika Soko la Uhuru. Neno kata kwa maana ya kwanza nalitumia kutwa kucha. Kata ya chifu naijua pia. Lakini nimezaliwa Likoni, na nyumbani kwa mamangu kata ni kifuu cha nazi kilichokwanguliwa kikawa laini, kikatiwa mpini wa mti, kikatundikwa ukutani juu ya mtungi. Ukitaka maji ya kunywa unakitungua, unachota, unamimina kwenye kikombe, unakirudisha. Ole wako ukinywea moja kwa moja mdomoni. Neema amekishika kifuu hicho kila likizo tangu akiwa na miaka minne. Alipoliona neno hilo kwenye mtihani hakukisia, alikumbuka.

Sikutaka kutegemea maneno ya nyumbani peke yake. Jumamosi tarehe 9 Agosti tulikwenda naye Maktaba ya Kaloleni tukaomba kamusi. Maana hiyo imo, kifuu cha kutekea maji, tena kuna nyingine ambayo hata mimi nilikuwa nimeisahau: ile duara ya majani au kitambaa anayojitwika mtu kichwani kabla ya kubeba mzigo. Swali halikusema "maana mbili zilizomo katika mwongozo". Lilisema maana mbili tofauti. Mtoto ametoa mbili, zote ni Kiswahili sanifu, na sentensi zake hazina kosa la sarufi. Kama kuna mtoto mwingine katika Kidato cha Tatu aliyeandika kata ya mtungini, au ya kichwani, akanyimwa alama, basi naye atazamwe. Sitaki Neema apewe upendeleo.

Linalofanana na hilo ni swali la kueleza maana mbili za sentensi "Juma alimpigia Ali mpira". Neema alieleza kwamba Juma aliupiga mpira kwa niaba ya Ali, na ya pili kwamba Juma aliupiga mpira ukaelekea kwa Ali. Ya kwanza ilipata alama, ya pili haikupata. Pembeni mwalimu ameandika "sababu", yaani Ali alipigwa kwa ajili ya mpira. Maana ya sababu ni sahihi, sikatai. Ila kauli hii ya kutendea ndiyo ilivyo, hubeba kwa niaba, kwa faida, kuelekea na sababu kwa pamoja, na hapo ndipo utata wa sentensi ulipo. Aliyeombwa maana mbili akatoa mbili zilizo sahihi amejibu swali. Walimu wa idara watalijua hili kuliko mimi, na ndiyo maana naomba liamuliwe nao, si mimi.

Nalielewa jambo la mwongozo. Bila mwongozo kila msahihishaji angefuata moyo wake. Lakini hata katika mtihani wa kitaifa, watahini hukaa kwanza pamoja wakaupitia mwongozo kabla ya kuanza kusahihisha, kwa sababu anayeuandika hawezi kukisia kila jibu sahihi ambalo mtoto ataleta. Naomba idara ikae hivyo hivyo na maswali haya mawili, hata kama ni kwa dakika kumi.

Tukijumlisha yote, 52 inaweza kufika 60. Pamoja na 26 ya Insha na 50 ya Fasihi, Neema atatoka 128 hadi 136 kati ya 200, yaani kutoka asilimia 64 hadi 68, na kwa kipimo cha shule atatoka B ya chini hadi B. Najua wapo watakaosema ni mtihani wa muhula tu, KCSE ni mwaka ujao. Ningesema hivyo pia, kama nisingemsikia mwanangu. Wiki ya pili ya likizo alikuwa akiandika insha mezani, mimi niko kwenye cherehani. Akaniuliza, "Mama, hiki cha kusongea ugali tuite mwiko au niandike tu kijiko kikubwa?" Nikamwambia mwiko, si unajua? Akanijibu, "Najua. Lakini maneno ya nyanya hukosa alama." Akaandika kijiko kikubwa.

Nilisimamisha cherehani. Nyumba yetu ina vitabu vichache sana. Alichonacho mtoto huyu cha kumsaidia katika Kiswahili ni nyanya yake, na miaka kumi ya kumsikiliza. Nisingependa aingie Kidato cha Nne akiwa amejifunza kuficha anachokijua.

Ninachoomba, basi, ni haya. Jalada lihesabiwe upya na ile 4 irejeshwe. Muhtasari wa (b) usomwe hadi neno la mwisho. Maswali ya "kata" na ya Juma na Ali yatazamwe na mwalimu wa Kiswahili ambaye hakusahihisha karatasi hii, mwalimu wake naye akiwepo aeleze msimamo wake, maana ni haki yake pia. Mkikuta palipotolewa alama isiyostahili, ipunguzwe, nami nitaikubali. Nimemwambia Neema hivyo na amekubali. Baadaye ripoti na daftari la alama zirekebishwe, na nipate jibu la maandishi, hata likiwa la kukataa, mradi lieleze sababu. Ningeshukuru kulipata kufikia Ijumaa, tarehe 12 Septemba.

Nimeambatisha nakala za jalada na za kurasa zote nilizozitaja. Karatasi yenyewe nimebaki nayo, na nitaileta mkononi siku mtakayoniita, kwa kuwa rangi nyekundu ya mwalimu haionekani vyema kwenye nakala na ule mstari wa muhtasari lazima uonekane. Jumanne na Jumatano soko huwa tulivu na naweza kufika saa yoyote. Siku nyingine naweza kufika kabla ya saa mbili asubuhi. Nambari yangu ya simu iko ofisini kwenu, haijabadilika.

Ombi moja la mwisho, na hili ni la mzazi kwa mlezi. Neema anampenda mwalimu wake wa Kiswahili na bado hukaa kiti cha mbele katika somo lake. Anaogopa barua hii itamfanya aonekane mkaidi. Tafadhali ajulishwe na mwalimu mwenyewe, kwa mdomo wake, kwamba kuuliza si kosa.

Wako mwaminifu,

Riziki Mwero
(Mama Neema)

Nakala:
Mkuu wa Idara ya Kiswahili
Mwalimu wa Darasa, Kidato cha Tatu Kaskazini