TAKWIMU: JUMANNE HAKUNA, NI ALHAMISI SAA 8:00 MCHANA

[Jumamosi, tarehe 9 Mei]

Habari zenu wanadarasa,

Kipindi cha Takwimu kimehamishwa. Kuanzia wiki ijayo hadi mwisho wa muhula kitakuwa:

Siku: ALHAMISI (cha kwanza ni tarehe 14 Mei)
Muda: saa 8:00 hadi saa 10:00 mchana
Mahali: Chumba 14, ghorofa ya pili

Kile cha Jumanne saa 2:00 asubuhi, Ukumbi A, hakipo tena. Jumanne hii tarehe 12 msije kwa ajili ya Takwimu.

Vipindi vingine vyote vinabaki kama vilivyo.

Mabadiliko haya nimeyapata kwa mwalimu mwenyewe jana, na leo asubuhi nimeyaona yamebandikwa kwenye ubao wa idara. Ukishasoma, andika "Nimepata" ili nijue nani bado nimpigie.

CR


[Jumamosi, jioni]

Asanteni mliojibu. Maswali mengi yanafanana, kwa hiyo nayajibu hapa mara moja.

Kuhusu saa: kwenye ubao wa idara imeandikwa 14:00–16:00. Ndiyo hiyo hiyo saa 8:00 hadi saa 10:00 mchana, hakuna mabadiliko mengine. Naomba tukiandika humu tutaje na sehemu ya siku, yaani "saa 8:00 mchana". Ukiandika "saa 8" peke yake, wapo watakaofika asubuhi wakute mlango umefungwa, na wengine wanatoka mbali.

Kuhusu jaribio: lilipangwa Jumanne tarehe 19. Sasa litafanyika Alhamisi tarehe 21, ndani ya kipindi, Chumba 14. Nilimuuliza mwalimu kama mada zitaongezwa kwa kuwa tumepata siku mbili zaidi, akasema hapana, zinabaki zile zile alizotaja darasani.

Kazi ya kukusanya haijasogezwa. Ni Jumatatu tarehe 18, mwisho saa 11:00 jioni, ofisini kwa mwalimu. Tafadhali hili tusilichanganye na jaribio: jaribio limesogea, kazi haijasogea.

Kundi C, hili lenu nimelifuatilia kwa namna ya pekee, maana semina yenu ya Uchumi ni Alhamisi saa 9:00 alasiri na ingegongana na Takwimu. Mwalimu wa semina amekubali muingie pamoja na Kundi A, Jumatano saa 4:00 asubuhi, Chumba 6, kuanzia tarehe 13. Atawaandikisha kwenye orodha ya Kundi A, kwa hiyo mahudhurio yenu hayatapotea. Ambaye Jumatano saa hiyo ana kipindi cha somo la mwaka uliopita analorudia, anitumie ujumbe pembeni leo au kesho, niende naye kwa mwalimu Jumatatu. Msikae kimya mkaja kukosa mahudhurio. Kufikia mwisho wa muhula inakuwa vigumu kurekebisha.

Kwa nini imehamishwa? Ukumbi A umepewa mwaka wa kwanza, wamekuwa wengi kuliko chumba chao. Chumba 14 kinatutosha, ila viti vya nyuma havina meza za kuandikia, hasa safu mbili za mwisho. Siku ya jaribio wahini.

Ombi moja: kuna picha ya ratiba ya zamani inazunguka kwenye makundi yetu madogo. Ukikutana nayo, usiisambaze. Ukitaka kumpa mwenzako taarifa, mtumie ujumbe wangu wa kwanza mzima, usiukate. Na kama unajua mwenzetu ambaye hana bando au simu yake imeharibika, mwambie kwa mdomo. Wapo wanne sijawapata kabisa. Nimewatumia majirani zao wa hosteli ujumbe wawafikishie.


[Jumatano, tarehe 13 Mei, usiku]

Kukumbushana tu: Takwimu ni KESHO Alhamisi, saa 8:00 mchana, Chumba 14, ghorofa ya pili. Ngazi za upande wa maktaba ndizo zinazofika. Za upande wa mbele zinaishia ghorofa ya kwanza.

Beba kikokotoo, mwalimu amesema tutaanza na mifano ya kupiga hesabu.

Kundi C, nimeona karatasi ya mahudhurio ya leo, wote mliofika mmeandikwa. Wawili waliokosa nimeshaongea nao.