Zana za bei rahisi kwa faili lako kabla hujaenda mazoezi ya kufundisha

Nyie mnaotoka wiki mbili zijazo kwenda shule za vijijini huko Tororo, msimalize pesa ya matumizi kwa manila. Manila ni nzuri lakini mvua moja ikiingia kwa dirisha lisilo na kioo, kwisha. Tafuta gunia jeupe la sukari, fungua mshono, osha, anika, chora na penseli kwanza halafu pitisha maka ya wino usiotoka. Juu na chini pitisha kijiti, funga kamba, linaning'inia bila selotepu na ukimaliza unakunja kama mkeka.

Herufi zisipungue sentimita 4 hivi. Ukishaandika, nenda simama nyuma kabisa ya darasa usome, kama wewe unakaza macho basi wa benchi ya mwisho haoni kitu. Na chati moja jambo moja! Mimi niliwahi kujaza meno, tumbo na vyakula vyote pamoja, watoto wa P.4 wakabaki wanaangalia samaki tu.

Kadi za maneno kata kwa maboksi ya sabuni, sentimita 10 kwa 25, bandika karatasi nyeupe juu. Za P.1 tumia herufi ndogo, sio kubwa zote kama bango la duka. Picha kadi yake, neno kadi yake, ili watoto wazilinganishe wenyewe, na nyuma andika lile neno kwa udogo ujue unaonyesha nini bila kuigeuza kila saa. Somo moja kadi 6 au 8 zatosha jamani, ukizidisha unakuwa unacheza karata peke yako.

Kwa ramani ya Uganda ya kushika, ya P.5, loweka magazeti usiku kucha, ponda, kamua maji, changanya na uji mzito wa unga wa muhogo na chumvi kidogo isiote ukungu. Pandisha Rwenzori magharibi na Elgon mashariki, bonyeza chini Ziwa Viktoria kule kusini na Kyoga katikati, acha ikauke siku kadhaa. Ukitumia udongo wa bondeni kausha kivulini, jua kali linaupasua. Ikikauka waache watoto wapitishe vidole waseme wenyewe maji yako wapi, sio wewe unaishikilia mbele kama kombe halafu unairudisha kabatini kwa sababu tyuta ameshaiona.

Kwenye faili modeli haiingii, kwa hiyo chora mchoro wake mdogo, andika darasa, mada, vifaa, na hatua gani ya somo utaitoa, maana tyuta akifungua faili hapo ndo anauliza. Kadi tia kwa bahasha kila mada yake.

Halafu vitu vyote vya gundi ya muhogo vitundike juu, panya wa nyumba za walimu wanaipenda kuliko posho.