Namba Moja Imekosekana, Wastani Tunao

Karatasi ya kazi ya hisabati. Mwaka wa 8 wa elimu ya msingi, Goma.

Andika jina lako na darasa juu ya karatasi ya majibu, si hapa. Sehemu A na B ni za darasani, sehemu C utaibeba nyumbani. Mashine ya kuhesabu ibaki kwenye mfuko. Kila jibu liende na hesabu yake: jibu lililo peke yake halipati pointi hata likiwa sahihi, kwa sababu siwezi kujua kama limetoka kichwani mwako au kwenye daftari la jirani.

Tukumbushane

Wastani tunaupata kwa kujumlisha namba zote, kisha kugawanya kwa idadi yake. Hilo mnalijua tangu shule ya msingi. Leo tunarudi nyuma kwa njia ileile. Kama kugawanya jumla kwa idadi kunatoa wastani, basi:

jumla = wastani × idadi

Hapo ndipo kazi yote ilipo. Mtu akikupa wastani na idadi, amekupa jumla bila kuitaja. Ukishaipata jumla, ondoa namba unazozijua. Kinachobaki ndicho kilichokosekana.

Mfano

Mwanafunzi amefanya interogasio tano za hisabati, kila moja juu ya 20. Karatasi nne anazo: 11, 14, 9 na 13. Ya tano imenyeshewa na mvua, pointi hazisomeki. Lakini kwenye buletini wastani wa zote tano umeandikwa: 12. Ile ya tano alipata ngapi?

Tuite namba iliyokosekana x.

Jumla ya zote tano: 12 × 5 = 60
Jumla ya zile nne: 11 + 14 + 9 + 13 = 47
x = 60 − 47 = 13

Alipata 13 juu ya 20. Sasa hakikisha: 11 + 14 + 9 + 13 + 13 = 60, na 60 ÷ 5 = 12. Sawa kabisa. Uhakiki huu huchukua nusu dakika tu. Usiuruke.

Anayependa mlinganyo aandike hivi:

(47 + x) ÷ 5 = 12
47 + x = 60
x = 13

Ni kitu kilekile, kimevaa nguo nyingine.

Angalia sasa kosa ninalolikuta kwenye karatasi nyingi. Mwanafunzi anaona namba nne mbele yake, anaandika 12 × 4 = 48, anaondoa 47, anapata 1. Pointi 1 juu ya 20! Mtu ambaye hajawahi kushuka chini ya 9, leo amepata 1? Hata kabla ya kuhakiki, jibu lenyewe linapiga kelele. Interogasio ni tano, siyo nne. Ile usiyoijua nayo inahesabiwa kwenye idadi, kwa sababu wastani ulipotengenezwa ilikuwemo ndani.

Njia ya pili, kwa wanaohesabu kichwani

Chukua wastani, 12, uulize kila namba: umezidi au umepungua?

11 imepungua 1. 14 imezidi 2. 9 imepungua 3. 13 imezidi 1.

Waliozidi wana 3 (2 na 1). Waliopungua wana deni la 4 (1 na 3). Bado kuna deni la 1, na ni ile ya tano inayopaswa kulilipa. Kwa hiyo ya tano imezidi wastani kwa 1, yaani ni 13.

Namba zikiwa kubwa na zinakaribiana, njia hii ni nyepesi kuliko ya kwanza. Jaribu nayo swali la 6 halafu uniambie.

Sehemu A. Kupasha mkono moto

Tafuta x.

1. 8, 15, x. Wastani ni 10.

2. 24, 30, 18, x. Wastani ni 25.

3. 6, 6, 9, 0, x. Wastani ni 5. (Msiifukuze sifuri. Haiongezi kitu kwenye jumla, lakini ina kiti chake kwenye idadi.)

4. 3,5; 4; 5,2; x. Wastani ni 4,3.

5. −2, 5, x, −4. Wastani ni 1.

Sehemu B. Mjini kwetu

6. Msukuma chukudu anateremsha viazi kutoka Kibumba mpaka mjini. Jumatatu alibeba kilo 240, Jumanne 310, Jumatano 180, Alhamisi 275, Jumamosi 300. Ijumaa alisahau kuandika. Anachojua ni kwamba kwa siku hizo sita wastani wake ni kilo 260 kwa siku. Ijumaa alibeba kilo ngapi?

7. Mama mmoja anauza sambaza Kituku. Kwa siku nne aliuza kwa wastani wa franka 20 250 kwa siku. Siku ya kwanza alipata franka 18 500, ya pili 22 000, ya nne 19 500. Siku ya tatu alimwachia mtoto wake meza, na mtoto ameleta franka 20 000 akisema ndizo zote. Je, makuta yametimia?

8. Nyumba moja kule Ndosho inachota maji kwa bidoni za lita 20. Kwa siku sita za kwanza za juma walichota bidoni 5, 7, 6, 4, 8 na 5. Wastani wa siku zote saba ni bidoni 6.
a) Siku ya saba walichota bidoni ngapi?
b) Ni lita ngapi siku hiyo?

9. Hili lisomeni polepole. Lava ya Nyiragongo ilipasua ubavu wa mlima na kuteremka mwaka 1977. Iliteremka tena mwaka 2002, na safari hiyo ilipita katikati ya mji mpaka ziwani Kivu. Ikateremka mara ya tatu. Kati ya miaka hiyo mitatu kuna vipindi viwili, na wastani wa vipindi hivyo ni miaka 22.
a) Kipindi cha kwanza ni miaka mingapi?
b) Kipindi cha pili ni miaka mingapi? Kipate kwa hesabu, usitumie kumbukumbu.
c) Mara ya tatu ilikuwa mwaka gani? Hapa ndipo kumbukumbu yako inakuja kuhakiki hesabu.
d) Mtu anajumlisha 22 kwenye mwaka huo na kutangaza mwaka ambao mlima utalipuka tena. Andika sentensi mbili au tatu za kumjibu.

Sehemu C. Ya nyumbani

Hapa wastani unabadilika, au namba zilizokosekana ni mbili. Kila mara anza na lile swali moja: jumla ni ngapi?

10. Watoto watano wa nyumba moja wana wastani wa miaka 9. Binamu yao anakuja kukaa nao, na wastani wa watoto sita unakuwa miaka 10. Binamu ana miaka mingapi?

11. Wanafunzi sita wana wastani wa 13 juu ya 20. Mmoja anahamia Bukavu. Waliobaki wana wastani wa 12. Aliyehama alikuwa na pointi ngapi?

12. Namba nne ni 9, 12, x na nyingine ambayo ni x mara mbili. Wastani wake ni 12. Tafuta zote mbili zilizokosekana.

13. Mwanafunzi amepata 8, 10 na 9 juu ya 20. Imebaki interogasio moja, naye ameahidi nyumbani kwamba atamaliza na wastani wa 12. Anahitaji pointi ngapi? Ahadi hiyo inawezekana? Kama haiwezekani, wastani mkubwa kabisa anaoweza kuufikia ni upi?

14. Darasa A lina wanafunzi 40, wastani wao ni 11. Darasa B lina wanafunzi 30. Wastani wa wanafunzi wote 70 ni 12,2. Tafuta wastani wa darasa B.

Majibu

Yasomwe baada ya kazi. Ukurasa huu utagawiwa peke yake siku ya kusahihisha.

1. 30 − 23 = 7.

2. 100 − 72 = 28.

3. 25 − 21 = 4. Aliyepata −1 amegawanya kwa nne: ameitoa sifuri kwenye idadi.

4. 17,2 − 12,7 = 4,5.

5. Jumla ni 4. Zinazojulikana zinatoa −1. Basi x = 4 − (−1) = 5. Aliyeandika 3 arudie alama za kuondoa na namba hasi.

6. 1 560 − 1 305 = kilo 255. Kwa njia ya pili: 240 imepungua 20, 310 imezidi 50, 180 imepungua 80, 275 imezidi 15, 300 imezidi 40. Ziada 105, upungufu 100. Ziada imeshinda kwa 5, hivyo Ijumaa ilipungua 5 chini ya 260.

7. 81 000 − 60 000 = franka 21 000. Zinakosekana franka 1 000. Hesabu inaonyesha upungufu, haisemi zilikwenda wapi. Aliyeandika kwamba mtoto ni mwizi amejibu swali ambalo sikuliuliza.

8. a) 42 − 35 = bidoni 7. b) 7 × 20 = lita 140.

9. a) 2002 − 1977 = miaka 25. b) 22 × 2 = 44, na 44 − 25 = miaka 19. c) 2002 + 19 = 2021. Ilikuwa mwezi wa tano, tarehe 22. d) Majibu mazuri ni mengi. Ninachokitafuta ni hiki: vipindi viwili tu ni vichache mno, na hata hivyo viwili havilingani, kimoja 25 na kingine 19. Hakuna kipindi hata kimoja kilichokuwa cha miaka 22. Wastani unaeleza yaliyopita, mlima haujasaini chochote. Wanaofuatilia volkano mjini kwetu hupima mitetemeko ya ardhi na gesi, hawasubiri mwaka uliopatikana kwa kugawanya kwa mbili.

10. 60 − 45 = miaka 15.

11. 78 − 60 = pointi 18. Aliyekuwa akiwabeba wenzake ameondoka, ndiyo maana wastani umeshuka.

12. 48 − 21 = 27. Hiyo 27 ni x pamoja na x mara mbili, yaani 3x. Basi x = 9, na nyingine ni 18.

13. 48 − 27 = 21 juu ya 20. Haiwezekani. Hata akipata 20 kamili, jumla ni 47 na wastani ni 11,75. Hesabu yenye jibu 21 ni sahihi, ila anayeishia hapo bila kusema haiwezekani anapata nusu ya pointi.

14. Jumla ya wote: 12,2 × 70 = 854. Darasa A: 11 × 40 = 440. Darasa B: 854 − 440 = 414, na 414 ÷ 30 = 13,8. Wengi wataandika 13,4, kwa kufikiri kwamba 12,2 iko katikati kabisa ya wastani wa madarasa mawili. Ingekuwa hivyo kama madarasa yangelingana kwa idadi. Darasa A lina watu wengi zaidi, linauvuta wastani wa wote upande wake, na darasa B lazima lipande juu zaidi ili kuurudisha mpaka 12,2.