Yah: Mapendekezo ya Mwongozo wa Upigaji Picha Siku ya Tamasha la Shule

Wazazi wa Darasa la Kwanza na la Nne,
Tabata, Dar es Salaam.
28 Oktoba 2024

Mwenyekiti,
Kamati ya Shule,
Kupitia kwa Mwalimu Mkuu.

Ndugu Mwenyekiti,

Tunaomba kamati ijadili mwongozo mfupi wa upigaji picha kabla ya tamasha la Jumamosi, 23 Novemba 2024. Hatuombi simu zipigwe marufuku. Mzazi huinua simu kwa kuogopa kwamba asipopiga sasa hatapata tena, na hofu hiyo haiondolewi kwa katazo. Akihakikishiwa kuwa picha nzuri ya mwanawe ipo, ataketi na kutazama.

Kwa hiyo tunapendekeza shule iteue wazazi wawili wenye kamera, mmoja asimame kushoto mwa jukwaa na mwingine nyuma ya bwalo. Watumie kadi za kumbukumbu za shule, na wazikabidhi kwa Mwalimu Mkuu siku hiyo hiyo kabla ya kuondoka. Pia, onyesho likiisha, kila kundi libaki jukwaani dakika nne na mavazi yake: kwaya, ngoma, ngonjera, maigizo, Darasa la Kwanza. Makundi matano ni dakika ishirini tu. Taa za bwalo ziwe zimewashwa zote, wazazi wa kundi husika wasogee mbele, wapige, wapishe wengine.

Wakati wa onyesho lenyewe, flashi izimwe kabisa. Mwanga wa flashi ya simu haufiki mbali zaidi ya mita tatu au nne, na safu ya kwanza iko mita sita kutoka jukwaani. Unachomulika ni kisogo cha aliyeketi mbele yako, huku jukwaa likitoka jeusi. Kwa mtoto hali ni nyingine: macho humpotea, hatua ya ngoma inamkatika, na mwenzake wa nyuma anamkanyaga. Badala ya flashi, mzazi aguse uso wa mtoto kwenye kioo cha simu na kushikilia kidole hadi simu ifunge kipimo cha mwanga, kisha apunguze mwanga kidogo, maana taa za jukwaa huzifanya nyuso zing'ae kupita kiasi.

Simu isiinuliwe juu ya usawa wa kidevu, na tableti zibaki kwenye mikoba. Mtoto wa Darasa la Kwanza akipanda jukwaani, jambo la kwanza ni kumtafuta mama yake kwa macho. Akikuta ukuta wa simu, husahau hata mstari wa kwanza wa shairi. Stendi za kamera zisiwekwe kwenye njia ya katikati wala mbele ya milango, kwa sababu umeme ukikatika ghafla watu watajikwaa gizani.

La kusambaza picha ndilo linalotusumbua zaidi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti, na picha inayomtambulisha mtoto ni taarifa yake. Wapo wazazi wenye sababu nzito za kutotaka mtoto wao aonekane, na hawalazimiki kuzieleza. Fomu ya ridhaa ipelekwe nyumbani wiki mbili kabla, na asiyeirudisha ahesabiwe hajakubali. Majina ya wasiokubali yabaki kwa mwalimu wa darasa na wapiga picha wawili. Tafadhali asivishwe mtoto yeyote utepe au alama ya kumtofautisha. Acheze na wenzake kama kawaida, na wakati wa picha ya kundi mwalimu amwite pembeni kwa upole.

Mzazi ampige picha mwanawe. Picha yenye watoto wa wengine isiwekwe stetasi wala kwenye makundi ya WhatsApp, na jina la mtoto lisiandikwe kando ya picha inayoonyesha nembo ya shule. Tena, picha ikitumwa WhatsApp kama dokumenti hubaki na taarifa zake zote, pamoja na mahali ilipopigwa kama kamera ilikuwa inarekodi mahali. Kipengele hicho kizimwe kwenye mipangilio ya kamera kabla ya kufika shuleni.

Tunapendekeza mshereheshaji asome maneno haya mara mbili, mwanzoni na baada ya mapumziko:

"Wazazi na walezi wapendwa, tunaomba simu ziwe kimya na flashi zizimwe. Tupige picha tukiwa tumeketi. Mwishoni kila kundi litabaki jukwaani kwa ajili ya picha. Picha za watoto wa wenzetu tusizisambaze."

Mwenye kukiuka asikemewe hadharani mbele ya mwanawe. Mjumbe mmoja amfuate alipoketi na kumnong'oneza.

Picha za kamera zitolewe darasa kwa darasa, mzazi akija na flashi diski yake, na baada ya siku thelathini nakala za shule zifutwe. Wawili kati yetu ni wapiga picha na tuko tayari kufika Ijumaa saa tisa alasiri kupima mwanga. Jukwaa likiwekwa mbele ya madirisha ya mashariki, nyuso za watoto zitakuwa giza asubuhi nzima, hivyo tunaomba lihamishiwe ukuta wa pili.

Wenu katika malezi,

Wazazi watano wa Darasa la Kwanza na la Nne