Maelekezo ya kusafisha marejeo 400 ya kitabu cha Ghuba ya Mwanza

Mdogo wangu,

Karibu kwenye kazi. Soma karatasi hii yote kabla hujafungua faili, kisha iweke mezani unapofanya kazi.

Faili linaitwa `marejeo_ghuba.xlsx`, na liko kwenye kompyuta ya pale dirishani. Ndani yake kuna marejeo 400 yaliyokusanywa kutoka kwa waandishi sita wa kitabu chetu cha uvuvi. Kila mmoja ameandika kwa mtindo wake. Wapo walionakili kutoka kwenye PDF, wapo waliochapa kwa kumbukumbu, na ya sura ya tatu yalitoka kwenye daftari la mkono. Ndiyo maana tunayapitia moja moja kwa macho.

Orodha hii itasomwa na mwanafunzi wa Nyegezi anayeandika tasnifu, au afisa uvuvi wa Ukerewe anayetaka kuhakikisha tulichosema kuhusu sangara. Rejeo lenye vurugu litamchelewesha, ila ataona mwenyewe kwamba lina kasoro. Rejeo nadhifu lenye mwaka usio wake litampoteza, naye hatajua amepotezwa. Kwa hiyo unaruhusiwa kurekebisha umbo la maandishi, na unaruhusiwa kurekebisha taarifa ambayo umeiona kwa macho yako kwenye chapisho lenyewe, isipokuwa mwaka na majina ya waandishi kwa rejeo lililotajwa ndani ya sura. Mengine yote yawekee alama, hata kama una uhakika moyoni.

Faili lilivyopangwa

Safu A ni namba, 001 hadi 400. Safu B ni rejeo kama lilivyokuja kwa mwandishi. Hizo mbili usiziguse kabisa. Siku tukibishana na mwandishi, B ndiyo ushahidi wetu. C ni waandishi, D mwaka, E kichwa, F jarida na juzuu au mchapishaji, G kurasa, H ni mahali ulipoliona chapisho, na I ni swali. Safu C hadi G nimeshazijaza kutoka B, pamoja na makosa yake.

Usipange upya mistari. Ukichagua safu moja tu ukabofya Sort, waandishi watahama na vichwa vitabaki, na kasoro hiyo inaweza kugunduliwa kitabu kikiwa kimeshachapwa. Usitumie Replace All hata kwa jambo linaloonekana dogo. Ukiamuru kila "L." iwe "Lake", kila mwandishi ambaye jina lake la kwanza linaanza na L atageuka ziwa.

Excel nayo ina tabia zake. Ukiandika kurasa 3-12 kwenye seli ya kawaida, itaigeuza kuwa tarehe. Safu G nimeiweka kuwa Text, usiibadilishe. Marejeo kadhaa yalishaharibika hivyo kabla hayajafika kwetu, kwa hiyo ukikuta mahali pa kurasa pameandikwa `12-Mar`, usikisie. Tafuta makala, soma ukurasa wa kwanza na wa mwisho. Vilevile ukianza kuchapa jina, Excel itakumalizia kwa jina la mstari wa juu. Soma ulichokiandika kabla ya kubofya Enter.

Unachorekebisha bila kuuliza

Nafasi mbili zilizofuatana, nukta iliyosahaulika, koma iliyozidi, mstari uliokatika katikati ya kichwa. Kati ya kurasa weka kistari kirefu. Jina la jarida liandikwe kwa ukamilifu, usilifupishe. Ufupisho usioufahamu uwekee alama. Majina ya kisayansi ya samaki yawe ya mlazo.

Maneno yaliyonakiliwa kutoka PDF mara nyingi hupoteza herufi "fi", maana katika chapa za zamani hizo mbili zilikuwa alama moja. Utakutana na "sheries" palipotakiwa kuwa "fisheries", na "shery" palipotakiwa kuwa "fishery". Rekebisha. Utakuta pia "haplo-chromine" kwa sababu neno lilikatwa mwishoni mwa mstari, ondoa kistari.

Lakini kistari kilichomo kwenye jina la mtu si cha kuondoa. Ogutu-Ohwayo ni jina moja, na linaanzia O ya Ogutu. Kwenye faili letu limekuja kwa sura tatu, mojawapo ikiwa "Ohwayo, R.O.", kana kwamba Ogutu ni jina la kati. Makala yake ya 1990 iko kwenye Environmental Biology of Fishes, juzuu la 27. Fungua ukurasa wa kwanza, ona jina lilivyochapwa, andika hivyo hivyo kama rejeo halijatajwa ndani ya sura, kisha ujaze H. "van Oijen" hubaki na v ndogo, nasi tunampanga kwenye V.

Kwa Watanzania kuwa makini zaidi. Mtu mwenye majina matatu anaweza kuwa amechapisha kwa jina la mwisho mwaka huu na kwa jina la kati mwaka mwingine, na wapo walioongeza jina baada ya ndoa. Andika lilivyo kwenye chapisho husika. Hata kama unamfahamu na mmesali naye kanisa moja, usimsawazishie jina.

Vichwa vya makala havisahihishwi kwa elimu ya leo

Hapa ndipo msaidizi mwerevu hukosea kuliko mvivu. Ngege leo kitaalamu ni *Oreochromis esculentus*. Makala za miaka ya 1950 zinamwita *Tilapia esculenta*, na hivyo ndivyo kichwa kitakavyobaki. Dagaa wetu ni *Rastrineobola argentea*, lakini zamani aliitwa *Engraulicypris argenteus*. "Victoria Nyanza" usiigeuze "Lake Victoria", na "Tanganyika" usiigeuze "Tanzania". Kichwa ni jina la chapisho. Ukilibadilisha, anayetafuta maktabani hataliona.

Taasisi ni vivyo hivyo. Pale Jinja palikuwa na taasisi ya utafiti wa uvuvi ya Afrika Mashariki, EAFRO, iliyoanza 1947, na baadaye ikaitwa EAFFRO, kwa F mbili, baada ya kuongezwa neno "Freshwater". F ya pili si kosa la kuchapa. Andika lililo kwenye jalada. Wizara zetu nazo zimebadilishwa majina mara nyingi, fuata jalada.

Unachowekea alama, bila kubadilisha

Kwanza, miaka isiyoingia akilini. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, iliundwa kwa sheria ya 1980, kwa hiyo ripoti ya TAFIRI ya 1976 ina tatizo mahali fulani: ama mwaka, ama taasisi. Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, LVFO, liliundwa 1994. Ukikuta ripoti yake ya 1989, vivyo hivyo. Hujui ni upande upi uliokosewa, na mimi pia sitajua mpaka nimuulize mwandishi. Ripoti za mwaka zina mtego wake, kwa sababu ripoti ya mwaka mmoja huchapwa mwaka unaofuata au baadaye zaidi. Utafiti wa Graham kuhusu uvuvi wa ziwa hili ulifanyika 1927 hadi 1928, ripoti ikatoka 1929. Miaka yote hiyo ni ya kweli, ila wa chapisho ni mmoja.

Makala za karibuni huweza kuwa na mwaka wa kutoka mtandaoni na mwaka wa juzuu. Andika yote miwili kwenye I, usichague.

Pili, yanayofanana. Usifute rejeo hata moja. Witte na wenzake wana makala mbili za 1992, moja kwenye Environmental Biology of Fishes juzuu la 34, nyingine kwenye Netherlands Journal of Zoology juzuu la 42. Zote zinazungumzia kutoweka kwa samaki aina ya furu, na majina ya waandishi yanakaribiana sana. Kwa haraka utadhani ni moja iliyorudiwa. Humo humo utaona "Goudswaard, K." kwenye moja na "Goudswaard, P.C." kwenye nyingine, acha kila moja ilivyochapwa na uandike swali. Herufi za 1992a na 1992b usizibadilishane kamwe, kwa sababu sura zimeshazitumia, na ukigeuza hapa, sentensi kule zitaelekeza kwenye makala isiyo yake. Tasnifu na makala yenye kichwa kilekile ni vitu viwili. Weka alama, viache vyote.

Tatu, DOI, yaani namba ya kudumu ya chapisho mtandaoni. Ibandike baada ya `https://doi.org/` na usome kinachofunguka. Kufunguka peke yake hakutoshi, lazima kichwa kilingane. Ikienda kwenye makala nyingine, weka alama. Isipokuwepo, acha wazi. Kuna machapisho mengi ya zamani ya ziwa hili ambayo hayana. Ukiona ukurasa wa jarida unasema makala imeondolewa, yaani neno RETRACTED, niletee siku hiyohiyo.

Nne, lisilopatikana. Google Scholar ikikuonyesha `[CITATION]`, maana yake imeliona kwenye orodha za watu wengine, si chapisho lenyewe. Kosa lililonakiliwa na watu kumi huonekana kama mashahidi kumi. Hiyo usiijaze kwenye H.

Marejeo yanayosema "mazungumzo binafsi", "haijachapishwa" au "inachapishwa" yote yawekee alama bila kutafuta. Hayo ni ya kumalizana na waandishi wenyewe.

Namna ya kuandika swali

"Mwaka?" halinisaidii. Andika faili linasema nini, wewe umeona nini na wapi. Kwa mfano:

```
217: B inasema 1991. Ukurasa wa kwanza wa makala
unasema 1992, juzuu 34. Sura ya 2 inataja 1991
mara mbili. Sijabadilisha.
```

Swali la namna hiyo nalimaliza kwa simu moja. Ona kwamba makala ilionekana kwa macho na bado mwaka haukubadilishwa. Mwaka unaotajwa ndani ya sura haubadilishwi upande mmoja tu. Majina ya waandishi, kwa rejeo lililotajwa ndani ya sura, ni vivyo hivyo.

Maswali yakiwa mengi, usione haya. Nikikuta safu I tupu kwenye mistari mia ya kwanza, nitaanza kuipitia upya mimi mwenyewe.

Mwendo

Marejeo 40 kwa siku yanatosha. Ukizidisha, macho yanaanza kusoma yanachotarajia. Anza na makala za majarida, ripoti na tasnifu zifuate. Ukimaliza 20 za kwanza simama, uje tuzipitie pamoja kabla hujaendelea. Kila jioni hifadhi nakala mpya yenye tarehe, mfano `marejeo_ghuba_0603.xlsx`, na uiweke pia kwenye flashi, maana umeme hapa ukikatika hautoi taarifa.

Ripoti za zamani ambazo hazipo mtandaoni ziko kabati la chini, rafu ya pili. Ufunguo anao katibu muhtasi. Karatasi zake zimechakaa, kwa hiyo zisome mezani na usizitoe nje ya chumba. Ukinukuu kutoka humo, andika kwenye H "kabati" na namba iliyoko mgongoni mwa ripoti.