Igizo la Mafunzo: Kidonge cha Saa 2 Usiku

Igizo hili ni la kufundishia washauri nasaha wapya wa kliniki ya tiba na matunzo ya VVU, ili wazoee kusikiliza kwa kuakisi, yaani kumrudishia mteja maana ya alichosema, na kuuliza maswali ya wazi. Mteja ni mama wa miaka 46, mkaanga samaki wa Bagamoyo, ambaye ametumia dawa za kufubaza makali ya VVU kwa miaka 6 bila tatizo, hadi safari hii kipimo cha wingi wa virusi kiliporudi na nakala 4,200 katika mililita moja ya damu. Kwa kuwa amevuka 1,000, ameletwa kwenye ushauri wa ziada wa ufuasi wa dawa. Mshauri ni binti wa miaka 29. Maelezo yaliyo kwenye mabano hayasomwi kwa sauti.

MSHAURI: Shikamoo mama. Karibu, kaa upande huu wenye upepo.

MTEJA: Marahaba mwanangu. Ahsante.

MSHAURI: Nimeambiwa kwamba mtabibu amekueleza majibu yako asubuhi hii. Umeyapokeaje?

MTEJA: Nimeyapokea tu. Ndiyo yameshakuwa.

(Kimya. Mshauri ahesabu moyoni hadi tano. Wengi hushindwa kufika tatu.)

MTEJA: Miaka 6 sijawahi kuitwa chumba hiki. Wenzangu walioko pale kwenye benchi wameniona nikiingia, nao wanajua anayeitwa huku ameitiwa nini.

MSHAURI: Miaka yote hiyo umekuwa mtu wa kuchukua dawa na kwenda zako, na leo kupita mlango huu mbele ya wenzako kumekuuma pengine kuliko majibu yenyewe.

MTEJA: Hapo umenena.

MSHAURI: Je, dawa unakunywa kila siku?

MTEJA: Ndiyo.

(Swali hili limewekwa kwa makusudi. Linajibika kwa neno moja, na mtu mwenye aibu huchagua neno litakalomtoa chumbani mapema. Vidonge 11 ambavyo mteja alipaswa awe ameshavimeza viko mezani, mbele ya wote wawili, lakini mshauri asivitumie kumnasa mama wa watu; arudi kulitengeneza swali lake mwenyewe.)

MSHAURI: Niwie radhi mama, nimekuuliza kama karani wa mahakama. Hebu nisimulie, tangu jua linapozama hadi mnapolala, siku hizi nyumbani kwako mambo huwaje?

MTEJA: Siku hizi mambo yamebadilika. Mama mkwe wangu ameletwa kutoka Kilwa, miguu inamsumbua, na nyumba yetu ina vyumba viwili, kwa hiyo analala na mimi mume wangu akiwa baharini. Zamani ikifika saa 2 usiku, mimi na mume wangu tulikuwa tunameza pamoja, maana naye anatumia. Sasa yeye anakwenda na vyake kwenye chombo, mimi nabaki na mama.

MSHAURI: Kwa hiyo lile mlilokuwa mkilifanya wawili sasa unalibeba peke yako, tena mbele ya mtu asiyejua.

MTEJA: Hajui kabisa. Na kile kichupa, mwanangu, ukikigusa kinalia kama manyanga. Nikakitia pamba ndani kisilie. Usiku mmoja akaniona nameza, akaniuliza, "Mwanangu, unaumwa nini?" Nikamwambia kichwa. Tangu hapo nasubiri kwanza alale, na mimi ndiye ninayeamka saa 10 usiku kwenda kununua samaki, basi usingizi unanichukua kabla yake.

MSHAURI: Unaogopa kwamba akijua atakugeuka.

MTEJA: Hapana, si kuogopa.

(Mshauri ameakisi vibaya, na hakuna ubaya. Asijitetee wala asiharakishe kuomba radhi. Akae na lile "hapana", kwa sababu mteja anayemsahihisha mshauri huwa anakaribia kusema jambo lenyewe. Washiriki wanaotaka kuakisi bila kukosea hata mara moja huishia kurudia maneno ya mteja kama kasuku.)

MSHAURI: Si woga. Nisaidie nielewe, ni nini basi?

MTEJA: Yule mama amenilea. Nimeolewa nikiwa na miaka 19, mama yangu mzazi ameshafariki, na ni yeye aliyenikanda maji ya moto katika uzazi wote watatu. Kumwambia kichwa kinaniuma wakati hakiniumi kulinikaa kooni kuliko hicho kidonge. Ndiyo nikaona heri nisimeze kuliko nimdanganye tena usoni.

MSHAURI: Kila ukishika kidonge, unashika na uongo pamoja nacho, na kwa heshima uliyonayo kwake, umekuwa ukiviacha vyote viwili.

(Kimya kirefu. Mteja ajifute uso kwa ncha ya kanga. Mshauri asimwambie "usilie".)

MTEJA: Sijawahi kumwambia mtu hivyo.

MSHAURI: Ahsante kwa kuniambia. Mama, naomba niyakusanye uliyonieleza, nikikosea unirekebishe. Dawa hujazichoka, na umezitumia vizuri kwa miaka 6. Kilichobadilika ni kwamba saa 2 usiku, iliyokuwa saa yako na mumeo, sasa ni saa ya kukaa na mama mkwe, na hutaki kumwambia uongo. Nimeelewa sawasawa?

MTEJA: Sawasawa kabisa.

MSHAURI: Katika mzunguko wa siku yako nzima, ni wakati gani unakuwa mwenyewe?

MTEJA: Alfajiri. Saa 11 naliwasha jiko pale sokoni kabla wenzangu hawajafika. Nakunywa chai yangu kwanza, hakuna anayenisemesha. (Anasita.) Lakini si nilielekezwa usiku?

MSHAURI: Ungependa nikueleze kuhusu saa za kunywa dawa hii?

MTEJA: Nieleze.

MSHAURI: Dawa unayotumia, ile ya kidonge kimoja kwa siku, inaweza kunywewa asubuhi au usiku, ukiwa umekula au hujala. Jambo la msingi ni kuishika saa moja uliyoichagua, na ukisahau, unakunywa unapokumbuka bila kuviunganisha viwili kwa pamoja. Namna ya kuhama kutoka usiku kwenda alfajiri tutaipitia na mtabibu kabla hujaondoka. Unalionaje hilo?

MTEJA: Kumbe! Basi alfajiri kutanifaa. Ila chupa siwezi kuiacha sokoni, kuna moshi na mvuke wa mafuta.

MSHAURI: Umeshaanza kufikiria mahali pa kuiweka. Unadhani ipi itakuwa njia nyepesi kwako?

MTEJA: Nitakwenda nayo kwenye kile kipochi changu cha hela, hakitoki kiunoni. Pamba naiacha humohumo.

MSHAURI: Na kuhusu mama mkwe?

MTEJA: Hilo silimalizi leo. Nitangoja mume wangu arudi, tumwambie sisi wawili, au tusimwambie, lakini tuamue pamoja.

MSHAURI: Hutaki kulibeba hilo peke yako, na hutaki mtu akuharakishe.

MTEJA: Ndiyo hivyo.

MSHAURI: Basi tutaonana baada ya mwezi mmoja, na tutaendelea kila mwezi kwa miezi mitatu kabla ya kurudia kipimo. Siku hiyo ungependa tuanze na lipi?

MTEJA: Uniulize kwanza habari za alfajiri. (Anasimama, anafunga kanga, kisha anageuka.) Mwanangu, mlango mwingine wa kutokea hakuna?

MSHAURI: Upo, unapitia dirisha la dawa. Twende nikusindikize.