Yah: Ombi la kutobandika picha za kamera za mtu anayeshukiwa kwa wizi

Mtwara,
14 Novemba 2024

Mwenyekiti,
Kamati ya Ulinzi na Usalama ya Mtaa,
Manispaa ya Mtwara-Mikindani.

Ndugu Mwenyekiti,

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu, pamoja na pendekezo lililotolewa katika kikao kilichopita kwamba picha zilizonaswa na kamera ya dukani kwangu jioni ya Jumamosi, tarehe 9 Novemba, zichapishwe, zibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya mtaa na kusambazwa katika makundi ya Watsapu. Nawashukuru wajumbe kwa kuguswa na hasara yangu, maana doti za vitenge zilizochukuliwa zilikuwa mzigo mpya niliouandaa kwa msimu huu wa korosho. Hata hivyo, naomba picha hizo zisibandikwe, na mimi binafsi sitazitoa kwa kazi hiyo.

Sababu ya kwanza ni picha yenyewe. Kamera yangu imefungwa juu ya mlango, hivyo inaona zaidi kofia na mabega kuliko uso, na wakati ule mwanga ulikuwa umeshafifia, ikawa imehamia kwenye hali ya usiku ambayo hurekodi bila rangi. Katika hali hiyo nguo nyeusi, hasa za nailoni, huweza kuonekana nyeupe. Mjumbe aliyesema tumtafute “kijana wa shati jeupe” alisema alichokiona, lakini shati hilo laweza kuwa jeusi au la buluu. Tena picha ikikuzwa ili uso ujae karatasi, kinachokuzwa ni ukungu tu, na kila mtazamaji atauona ndani yake uso wa mtu ambaye tayari anamtilia shaka. Saa ya mashine nayo si ya kutegemewa, kwa kuwa hupotea umeme unapokatika, na kukatika kwa umeme hapa kwetu hakuhitaji maelezo.

Sasa tufikirie mji ulivyo msimu huu. Maghala yamefunguliwa, wachukuzi na wafanyabiashara wametoka wilaya zote, na vijana wengi wasiojulikana mtaani wanapita hapa asubuhi na jioni wakitafuta kibarua. Mmoja wao akifananishwa na karatasi ya ubaoni na mtu akapiga kelele ya mwizi, hakuna mjumbe atakayewahi kufika kuwazuia hao ambao magazeti huwaita wananchi wenye hasira kali. Vitenge nitanunua vingine. Na kama aliyefananishwa ni mwenyeji, fedheha haitaishia kwake, kwani kesho yake mama yake atashindwa kukaa na genge lake sokoni, na hata tukigundua kuwa tulikosea, karatasi tutaibandua lakini picha iliyokwisha kuingia kwenye simu za watu hatutaweza kuirudisha.

Ipo pia hasara ya upande wa kesi, ambayo naona haikuzungumzwa kabisa. Binti anayenisaidia dukani alimwona mtu huyo kwa macho yake, na polisi wanaweza kumhitaji katika gwaride la utambulisho. Akishaitazama picha ubaoni kila siku anapopita, wakili wa mshtakiwa atauliza, na kwa haki, kama anamtambua mtu aliyemwona dukani au mtu aliyemwona kwenye karatasi. Kwa kubandika tutakuwa tumemwharibu shahidi wetu wenyewe, na mwizi halisi naye tutakuwa tumempa taarifa ya kuhama mji.

Kuhusu sheria nitasema kwa ufupi. Ibara ya 13 ya Katiba yetu inakataza hata aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa kabla hatia haijathibitishwa, na huyu wetu hata kushtakiwa bado. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inataka taarifa za mtu zitumike kwa lengo lililokusudiwa zilipokusanywa. Kamera niliifunga kwa ulinzi wa duka, wala sikuifunga kwa kuwatangaza watu.

Rekodi nzima, bila kukatwa wala kukuzwa, nimeihifadhi kwenye flashi kabla mashine haijaifuta kwa kurekodi juu yake, na nimeikabidhi kituo cha polisi pamoja na maelezo yangu. Ninachoiomba kamati ni kuwatangazia wenye maduka namna wizi ulivyofanyika bila kutaja sura: mtu aliagiza doti ya rafu ya juu, na msaidizi alipopanda ngazi, zilizokuwa mezani zikaondoka. Tangazo hilo litatusaidia sote wa mstari huu, hata akija mwizi mwingine. Wajumbe wakiona bado ipo haja ya kuonyesha picha, naomba shauri hilo lipelekwe kwanza kwa polisi kata, naye aamue pamoja na mpelelezi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mama Zuhura
Mwenye duka la vitenge